Barua ya malalamiko ya unyanyasaji kazini

Rehema J.
Karani wa Stoo, Namba ya Ajira 0386
Dar es Salaam
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MSIMAMIZI WA STOO NA MAOMBI YA KUSIKILIZWA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nilirudi kazini tarehe 7 Julai 2025 baada ya likizo ya uzazi ya siku 84. Tarehe 9 Julai ofisi yako ilinipa barua ya kuniruhusu kunyonyesha saa mbili kwa siku: saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na saa 8 hadi saa 9 mchana. Msimamizi wangu alipewa nakala siku hiyohiyo na akaisaini. Tangu hapo amekuwa akinidhalilisha kwa sababu ya ruhusa hiyo.

Jumatano tarehe 16 Julai, saa 4 na dakika 10, mdogo wangu alikuwa amemleta mtoto getini kama kawaida. Msimamizi alisimama mlangoni mwa stoo akanizuia nisitoke, akasema mbele ya wapakuzi wanne, "Hapa ni stoo, si kliniki." Aliniamuru kwanza nihesabu katoni za mzigo uliokuwa umeingia. Nilihesabu huku namsikia mtoto analia nje ya ukuta. Maziwa yalichuruzika yakalowesha ovaroli, nikakunja kipande cha khanga nikakiweka kifuani ili niendelee. Aliniachia saa 5 kasoro dakika 5. Mlinzi wa zamu aliyaona yote hayo.

Tarehe 5 Agosti aliniita "ng'ombe wa maziwa" kwenye redio ya mawasiliano, ambayo husikika stoo nzima na kwa madereva. Kesho yake nilimfuata ofisini peke yangu, nikamwomba kwa heshima aache. Alinijibu kwamba ninapenda kudeka. Jina hilo limeendelea, na sasa hata vijana wapya wa upakuzi wanalitumia. Tarehe 22 Agosti aliandika kwenye kundi la Watsapu la stoo: "Mama wa kunyonyesha kesho asinicheleweshee gari." Ujumbe huo nimeuhifadhi na nimeuambatisha.

Jambo lililoniumiza zaidi ni la mwezi Septemba. Tarehe 11 zilipungua katoni 6 za sabuni, na msimamizi akaandika kwamba upotevu ulitokea mikononi mwangu. Daftari la getini linaonyesha nilitoka saa 11 na dakika 5 jioni. Gari lililobeba mzigo huo lilitoka saa 1 na dakika 20 usiku, na hati ya kutolea mzigo ina saini ya msimamizi mwenyewe. Sikuitwa wala sikuulizwa. Mshahara wa Septemba ulikuja umekatwa Sh 72,000. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi hakatwi mshahara kufidia hasara kabla ya kupewa nafasi ya kujieleza. Nilipomuuliza tarehe 3 Oktoba, alilibamiza daftari mezani akasema, "Mkataba wako unaisha Desemba, tutaonana." Karani mwenzangu alikuwepo.

Haki yake niiseme: msimamizi huyu ndiye aliyenifundisha kujaza kadi za stoo nilipoajiriwa mwaka 2021, na kabla sijajifungua hatukuwahi kugombana. Ndiyo maana nilivumilia miezi mitatu nikitumaini atabadilika. Sheria hiyo inakataza kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu ya jinsia, ujauzito au majukumu ya familia, na saa za kunyonyesha ni haki yangu kisheria.

Siombi afukuzwe kazi. Naomba kikao cha kusikiliza malalamiko haya, kiongozwe na mtu asiye chini yake wala rafiki yake, na niruhusiwe kuja na mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Msimamizi naye apewe nakala ya barua hii mapema ili ajibu kila tarehe niliyoitaja. Mashahidi wote ni watu wa chini yake. Naomba wahakikishiwe kwa maandishi kwamba hawatahamishwa wala kuadhibiwa kwa kusema walichokiona.

Wakati suala hili linashughulikiwa, naomba niripoti kwa mtu mwingine na saa zangu za kunyonyesha ziheshimiwe. Naomba pia makato ya Sh 72,000 yachunguzwe upya kwa kulinganisha daftari la getini na hati ya mzigo. Madaftari hayo yachukuliwe na ofisi yako sasa, maana funguo za kabati yanamokaa anazo msimamizi.

Nitashukuru kupata majibu ya maandishi, pamoja na tarehe ya kikao, ifikapo Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Shauri likishindikana hapa ndani, nitalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ingawa ningependa limalizwe na ofisi yako.

Wako katika kazi,

Rehema J.

Viambatisho: barua ya ruhusa ya 9 Julai, picha ya ujumbe wa 22 Agosti, hati ya mshahara wa Septemba.

Nakala: Mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi.