Gemu imekataa kufunguka baada ya diski kubadili herufi: maelekezo kwa wahudumu wa chumba cha gemu, Kirumba

Mashine 3 na 4 zinabeba gemu zake kwenye diski za nje za USB. Umeme ukikatika na kurudi, au mteja akiacha fleshi imechomekwa wakati mashine inawaka, diski iliyokuwa G: inaweza kuamka ikiwa E:. Hapo Steam inaonyesha INSTALL badala ya PLAY, kana kwamba gemu haijawahi kuwepo. Ipo. Steam inaitafuta kwenye anwani ya zamani tu.

Usibonyeze INSTALL. Ukibonyeza na kukubali diski ya C:, bando la wiki litaishia kushusha kitu ambacho tayari kipo mezani. Usibonyeze Uninstall pia.

Kwanza rudisha herufi. Dawa hii ndiyo inayomaliza shida mara nyingi, na haigusi faili hata moja. Funga Steam kabisa: menyu ya Steam, kisha Exit. Alama ya X inaficha dirisha tu, programu yenyewe inaendelea kukaa karibu na saa. Chomoa fleshi zote. Bonyeza Windows + R, andika `diskmgmt.msc`, itambue diski kwa ukubwa wake, bofya kulia kwenye kizigeu chake, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Change, weka G. Kama G haimo kwenye orodha, kuna kifaa kingine kimeikalia. Kibadilishe hicho kwanza. Kwa anayependa amri, PowerShell kama Administrator:

```
Set-Partition -DriveLetter E -NewDriveLetter G
```

Herufi uliyoiweka kwa mkono Windows huikumbuka, ila kifaa kingine kikiwahi kuichukua, diski hupewa nyingine. Ndiyo maana fleshi zisikae kwenye mashine inapowashwa. Simu ya Android inayochaji haina neno, kwa kawaida haichukui herufi.

Kama folda imehamishwa kweli, mfano SteamLibrary imetoka D: kwenda G:, fungua Steam, Settings, Storage, bofya jina la diski juu, Add Drive, chagua G:. Ndani ya SteamLibrary lazima kuwe na `steamapps`, na ndani yake `common` pamoja na faili za `appmanifest`. Hizi ndizo cheti cha kila gemu. Euro Truck Simulator 2, kwa mfano, ni `appmanifest_227300.acf`. Aliyenakili `common` peke yake ameacha vyeti nyuma, na Steam itasema hakuna kitu.

Vikishapotea, hapo ndipo INSTALL inaruhusiwa, kwa sharti moja: chagua maktaba ya G:, na folda ndani ya `common` iwe na jina lake halisi, herufi kwa herufi. Steam itazikagua faili zilizopo na kushusha zinazokosekana tu. Tazama kipimo cha kushusha: kikianza kupanda kwa GB, simamisha, jina la folda limekosewa.

Anwani ya zamani ikigoma kuondoka, funga Steam, fungua `libraryfolders.vdf` kwa Notepad. Iko sehemu mbili, `config` na `steamapps` za Steam iliyo C:. Nakili zote mbili pembeni kwanza, kisha rekebisha mstari huu kwenye zote. Mikwaju ni miwili miwili:

```
"path"    "G:\\SteamLibrary"
```

Epic ni msumbufu zaidi. Herufi ikibadilika, irudishe tu, usihangaike. Folda ikihama, ipe jina jipya, anza kusakinisha upya mahali inapotakiwa kukaa, subiri ifike asilimia 2 au 3, sitisha, funga programu, rudisha faili za zamani juu ya hizo, kisha endelea. Itahakiki badala ya kushusha, ingawa itakula data kidogo mwanzoni. GOG Galaxy na Battle.net zina njia ya kuonyesha folda iliyopo, zitumie.

Baada ya kuunganisha, bofya kulia gemu, Properties, Installed Files, Verify integrity of game files. Gemu ya GB 60 kwenye tundu la USB 2 huchukua karibu nusu saa, basi fanya asubuhi kabla wateja hawajajaa. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili nusunusu hubaki na gemu hufunguka kisha kudondoka. Hatua hii ndiyo inayozikamata.

Njia za mkato za desktop zilizotengenezwa na Steam zitarudi zenyewe. Zilizovutwa moja kwa moja kutoka kwenye faili ya `.exe` zifute, tengeneza mpya. Mteja akiuliza kuhusu hatua zake za mchezo, gemu nyingi huzihifadhi kwenye Documents ya C: na si kwenye diski ya nje. Za Euro Truck zipo huko, hazijaguswa.