Mtani, weka chini hilo faili la kesi

Namkunda weee! Shoga, kabla hujaniblokisha soma mpaka mwisho. Najua umeona jina langu ukasonya. Sonya tu, ni haki yako, ila soma.

Heri ya siku ya kuzaliwa, mtani wangu 🎂 Ndiyo, leo ni tarehe 11. Ndiyo, ulizaliwa tarehe 9. Tena siku hiyo Serikali ilinisaidia kwa kila namna: ofisi zimefungwa, bendera kila kona, redio tangu alfajiri inaimba Uhuru, Uhuru, tangu 1961. Nchi nzima imepumzika kwa heshima yako, na mimi nafurahia kutokwenda kazini bila kujiuliza leo ni siku ya nani mwingine.

Hilo bado dogo. Kubwa ni pale jioni nilipofungua stetasi yako. Nikakuona na lile gauni la kitenge cha njano, keki mbele yako, krimu mpaka puani, nywele zinachuruzika maji ya kumwagiwa. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikakuandikia: "Umependeza shoga! Sherehe ya nani hiyo?" Ukanijibu: "Ya jirani." Nikakwambia: "Mpe hongera zangu."

Mpe hongera zangu! 😭 Nimeirudia ile meseji asubuhi hii nikafunika simu na mto. Nimekuja kuzinduka leo, dada yako alipoweka picha unakata keki na jina lako limeijaza nzima. Na wewe juzi ukanijibu kwa dole gumba tu. Dole gumba la Mpare halitoki bure, pale ulikuwa unakusanya ushahidi.

Maana nakujua. Ninyi ndio mnaouza ng'ombe ili mfungue kesi ya kuku, na safari hii kuku ni mimi. Naamini mashtaka yameshaandikwa, mashahidi wamepangwa, na mama kule Usangi ameshapigiwa simu. Mwambie shikamoo yangu iko palepale.

Utetezi wangu ni mmoja: Desemba. Mchaga ikifika Desemba hana akili, ana tiketi. Nilikuwa Mbezi kituo cha mabasi nasaka siti ya Moshi, maana ukizubaa unaambiwa kilichobaki ni cha tarehe 26, Krismasi uile Kimara. Na usiniulize mbona ile elfu ishirini niliyokukopesha niliikumbuka tarehe mosi asubuhi hata chai hujanywa. Biashara ni biashara, usichanganye mambo.

Ningekuwa nyumbani Marangu ningekata jani la isale nikaja nalo mpaka mlangoni kwako. Kwa mila zetu ukishaletewa isale, ubishi umekwisha, unasamehe. Hapa Sinza nimelitafuta isale nikaambulia mchicha. Kwa hiyo ipokee hiyo picha ya jani niliyokutumia, ihesabike. Na usianze kusema isale mwisho wake ni mpakani mwa Mwanga, ninyi hamkosi pa kukatia rufaa.

Faini naikubali. Ulistahili ndafu, mbuzi mzima na majani yake mdomoni, ila nauli ya Moshi imeshamla mbuzi hadi kwato. Jumamosi mchana nakuja kwako na keki, kuku wa kuchoma na ndizi, na vyombo naosha mimi. Wewe kaa tu kwenye kochi uniagize maji ya kunywa kama mama mkwe. Makande sitaki kuyaona, ni sherehe. Stetasi naweka leo hii, picha zako zote ulizopendeza na maneno marefu ya kuliza watu. Ile ya kidato cha pili, umenyolewa upande mmoja juu kuliko mwingine, naiweka akiba mpaka nione umeamua nini kuhusu kesi.

Utani pembeni kidogo. Usiku ule najifungua, wewe ndiye uliyekaa kwenye benchi la hospitali mpaka asubuhi na viatu vya ofisini miguuni, na kila nesi aliyepita ukamwambia wewe ni dada yangu wa damu. Siku yako sikutakiwa kuisahau. Nisamehe, Namkunda. Mungu akupe umri mrefu na hela za kunilipa.

Haya, tusilie. Niambie tu keki iwe ya vanila au ya chokoleti. Na tafadhali, najua unaniandalia ndoo ya maji nyuma ya mlango. Usinimwagie, nimesuka juzi na kichwa bado kinauma.

Ndiyo, juzi tarehe 9, baada ya Mbezi. Usianze.

Manka wako 🙏🏾