Ahsante ya udi, kwa Shangazi wa Wete

Asalaam alaykum Shangazi, shikamoo.

Kopo la udi limefika salama Unguja kwa boti ya jana, halikumwagika hata chembe. Ahsante sana. Kupika sukari bila kuiunguza, kutia vijiti na mawaridi, kisha kusubiri vikauke: ni kazi ya kutwa, nawe umeifanya kwa ajili yangu.

Najua hupendi kufichwa, basi nakwambia kweli: ambari yake ni nzito kwangu. Nilipofukiza chumbani, kichwa kiliniuma. Nikajaribu tena ukumbini, madirisha wazi, kipande kama punje ya mbaazi, makaa yameshavaa jivu (yakiwa mekundu sukari huungua na moshi hukwaruza koo). Ikawa afadhali, ila nguo zangu sitozifukiza.

Ukiniridhia, nusu nimpe mama, yeye ambari ndiyo roho yake, na nusu niiweke kwa wageni wa Idi. Siku ukipika tena, nitilie mawaridi matupu, kidogo tu.

Mola akuzidishie afya. Nisalimie wote hapo nyumbani.