Panga Sita Mezani: Usomaji wa Karata kwa Mdogo Wangu wa Mtumba, Dodoma

Mdogo wangu,

Jana jioni nimezipanga karata zako saba kwa umbo la kwato ya farasi. Swali nililiandika kwa maneno yako mwenyewe: "Kichwa hakitulii, niombe uhamisho nirudi Dar au nivumilie?" Nikachanganya, nikakata, nikafunua. Katika saba, sita ni Panga. Pakiti nzima ya taroti, karata hizi za kutabiria, ina karata 78, na kundi la Panga ni 14 tu, kwa hiyo hapa mezani imeongea sauti moja.

Usiogope neno upanga. Sisi tumekua tukicheza na upanga bila kujua: ile shupaza ya karata za kawaida ni neno la Kireno la upanga, kama kopa ilivyo kikombe na uru ilivyo dhahabu. Katika taroti, Panga ni hewa, yaani mawazo, maneno na hukumu. Wewe unakaa Ilazo, upepo wa Dodoma unaujua. Unafunga dirisha usiku, asubuhi unakuta vumbi juu ya meza na hujui limepita wapi. Ndivyo kazi inavyoingia chumbani kwako.

Karata ya kwanza, kilichotangulia: Mpanda Farasi wa Panga. Farasi yuko mbio, miti nyuma yake imepinda kwa upepo. Hapa naona Januari yako, ulipohamia Mtumba, mji wa serikali, na kupokea meza ya mtu aliyestaafu pamoja na mafaili yake. Ulikwenda mbio ili usionekane mgeni. Hukukosea. Ila hakuna aliyekuambia kwamba sasa unaweza kushuka kwenye farasi.

Ya pili, ulipo sasa: Panga Tisa. Hii niliikalia muda mrefu. Mtu ameketi kitandani gizani, amefunika uso kwa viganja, ukutani zimelala panga tisa. Uliniambia unaamka saa tisa usiku, kila siku saa tisa, ukaanza kuhesabu: ile jedwali ya bajeti uliyokosea safu moja, ile meseji ya bosi wako ya "kesho tuonane", mwezi Juni unaokuja na mwaka wa fedha unaofungwa tarehe 30. Karata imechora saa yako. Lakini tazama mchoro polepole, maana wengi huishia kwenye huzuni yake. Zile panga zimelala nyuma ya yule mtu. Hakuna hata mmoja uliomgusa. Na shuka aliyojifunika imeshonwa maua ya waridi, ila yeye haoni, macho ameyafunika mwenyewe.

Kosa la jedwali ulilirekebisha siku ileile, ulinieleza hivyo. "Kesho tuonane" iliisha kwa bosi kukuuliza ratiba ya likizo. Uliteseka usiku kucha kwa jambo la dakika tano. Sikuambii hivi kukusuta, mdogo wangu. Nakuambia kwa sababu inaniuma kuona mateso uliyojipa kwa kitu ambacho hakikutokea.

Ya tatu, kisichoonekana: Panga Mbili. Mwanamke amefungwa kitambaa machoni, amekaa kaipa bahari mgongo, ameshika panga mbili zilizopishana kifuani. Kwa anayeangalia haraka huu ni uamuzi kati ya Dar na Dodoma. Mimi naona kifua kilichofungwa. Katika karata zako hakuna hata Kikombe kimoja, na Vikombe ndiyo moyo. Hujalia tangu umehama. Umemwacha mtoto kwa mama Mbagala, na kila nikikuuliza unanijibu kwa ratiba ya treni. Treni ya mwendokasi inakufikisha huko mara moja, kweli, ila ratiba haisemi kama umemkumbuka mwanao.

Ya nne, kinachokuzuia: Panga Nane. Tena kitambaa machoni, safari hii na kamba mwilini, na panga nane zimesimama kama uzio. Miguu yake haikufungwa. Mbele yake hakuna upanga. Kamba nimeitafsiri kuwa ile sentensi unayoirudia, "nikisema nimelemewa wataniona siwezi." Nani amekuambia hivyo? Nilikuuliza kwenye simu ukanyamaza.

Jibu lipo kwenye karata ya tano, watu wanaokuzunguka, nayo ndiyo pekee isiyo Upanga: Sarafu Tatu. Fundi yuko juu ya benchi ndani ya kanisa, wawili wamesimama karibu wameshika mchoro, wanamsikiliza. Hii ni karata ya kazi inayoheshimiwa na kufanywa kwa pamoja. Ofisini kwako kuna watu wawili, nadhani mmoja ni yule dada wa masijala unayemtaja taja, ambao wakipewa sehemu ya kazi wataishika. Wasipoambiwa hawatajua.

Ya sita, ushauri: Panga Nne. Watu huishtukia kwa kuwa mpanda farasi amelala juu ya kaburi. Ile ni sanamu ya jiwe, mikono imekutana kwa sala, panga tatu ziko ukutani na wa nne umelazwa chini yake. Silaha hazijatupwa, zimewekwa. Kwako naisoma hivi: simu ya kazi ikae sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Karibu na kitanda weka daftari, ukiamka saa tisa andika wazo kwa mstari mmoja, funga, lala. Jumapili hii usifungue kompyuta. Panda daladala uende mashamba ya zabibu, kaa chini ya mti, usifanye lolote.

Na hapa naziweka karata pembeni niseme kama dada yako. Wiki tatu bila usingizi ni jambo la daktari. Usitishwe na jina la Mirembe kwa vile watu hulifanya tusi la mitaani. Ile ni hospitali ya afya ya akili, na anayekwenda kuomba msaada wa usingizi ni mgonjwa kama wa malaria. Ukitaka nitakuja twende wote.

Ya saba, unakoelekea usipokaidi ushauri: Malkia wa Panga. Upanga ameusimamisha wima, mkono wa pili ameunyoosha mbele kama anayekaribisha mtu aseme. Mawingu yako chini yake. Nilifurahi kumwona, maana sikutaka karata inayokuambia uache kufikiri; akili yako kali ndiyo iliyokupa kazi hii. Malkia anafikiri jambo moja, analisema, analimaliza.

Kuhusu uhamisho, karata hazijakupa ndiyo wala hapana. Hakuna hata moja katika karata kuu 22 iliyotoka, na mimi hulisoma hilo kama jambo lililo mikononi mwako. Usiandike barua ya uhamisho saa tisa usiku. Iandike Julai, bajeti ikishapita, ukiwa umelala wiki mbili nzuri. Kama bado utaitaka, itakuwa barua ya Malkia na nitaiunga mkono.

Nimehesabu panga zote mezani: 25. Zimeinuliwa, zimeshikwa, zimesimamishwa, zimetundikwa. Mwili wako haujachomwa na hata mmoja. Panga Kumi, ile ya mtu aliyelala na panga mgongoni, haikutoka.

Kesho asubuhi, kabla ya chai ya saa nne, mwombe bosi dakika kumi. Mwambie, "Nimelemewa na mafaili mawili, naomba la pili agawiwe mwenzangu mpaka mwisho wa Juni." Nimekuandikia sentensi nzima ili usiitunge usiku. Ukitoka nipigie.