Blenda imekufa, naomba unibadilishie

Kaka habari za kazi, mimi ni yule mama niliyenunua blenda dukani kwako Makoroboi tarehe 4 mwezi huu, elfu 85, baada ya kuvutana bei mpaka ukacheka. Sasa imekufa. Wiki mbili tu kaka! Juzi nasaga embe na parachichi, tena embe laini na barafu sijaweka kabisa, ikaanza kunguruma, mara harufu ya waya unaoungua, moshi ukatoka chini kwenye mota ikazima hapohapo. Nimebadilisha soketi, jirani nae kaijaribu kwake, wapi. Fundi wa hapa Igoma alitaka kuifungua nikamkatalia maana najua utasema imechokonolewa.

Risiti ninayo na umeandika kwa mkono wako waranti miezi 6. Sitaki itengenezwe, nataka mpya kama ileile na uiwashe mbele yangu kabla sijaondoka. Juisi ndo inalisha watoto, siku hizi mbili wateja wanapita tu wananiangalia.

Nakuja Jumamosi asubuhi na boksi lake, kama hutakuwepo niambie mapema nisiunguze nauli bure.

Mama wa juisi, Igoma