Ripoti ya unyevu, ukuta wa chumba cha kulala cha chini, Ggaba

Shikamoo Hajati. Nimemaliza kupima ukuta ule, na jibu ni kwamba una shida mbili tofauti, wala bomba halihusiki kabisa, kwa hiyo yule fundi aliyetaka kuvunja tailizi za bafu mwambie asubiri.

Ya kwanza ni unyevu unaopanda toka chini. Doa limesimama kama sentimita 70 toka sakafuni, juu yake kuna mstari wa chumvi nyeupe na plasta inamomonyoka ukiigusa, na mpangaji anasema hata Januari kukiwa kukavu halipotei. Nimetoboa nikachukua unga wa tofali nikaupima kwa chupa ya kabaidi: sentimita 10 toka chini asilimia 13, kwenye 50 asilimia 7, mita moja asilimia 2. Maji yakipungua hivyo kadiri unavyopanda, yanatoka ardhini. Ile mashine ya kuchomeka sindano sikuitegemea maana chumvi inaidanganya, inasoma juu tu.

Sababu iko nje. Waliporudishia udongo wa bustani waliupandisha mpaka ukafunika dipisii, yaani ile nailoni iliyolazwa ndani ya ukuta kuzuia unyevu usipande, maji yanairuka yanaingia kwenye tofali, na ile nailoni yenyewe pale konani imechanika.

Ya pili ni ule ukungu mweusi wa juu nyuma ya kabati. Pale tofali ndani ni kavu, asilimia 2 tu. Nilibandika foili siku mbili, ikalowa upande wa chumbani, nyuma kavu, yaani ni mvuke wa watu na nguo zinazoanikwa ndani na dirisha halifunguliwi. Foili ya chini ililowa nyuma, maana pale unyevu unatoka ukutani.

Bomba je? Tulifunga mifereji yote usiku kucha, namba za mita ya maji hazikusogea. Gata ni nzima na ukuta wa ghorofani mkavu.

Cha kufanya: kwanza chimbeni udongo wa nje ushuke angalau milimita 150 chini ya dipisii, mwage zege lenye mteremko na mtaro wa kutoa maji kabla mvua za Machi hazijaanza. Hiyo ndo kazi kubwa na ndo rahisi kwa bei. Pale konani tu ndo mtoboe matundu ya milimita 12 kwenye mstari wa simiti, kila sentimita 12, mjaze krimu ya kuzuia maji, msikubali kuuziwa ukuta mzima. Plasta ibanduliwe mpaka mita moja, yote, chumvi iondoke nayo.

Kabati lisogezwe sentimita 10 toka ukutani, madirisha yafunguliwe asubuhi, ukungu usuguliwe na jiki.

Halafu subira Hajati. Ukuta unakauka kama milimita 25 kwa mwezi, huu ni wa unene wa milimita 230, hesabu miezi tisa, na rangi ya mafuta msipake kabla, itafura tena.