Neva za fuvu: muhtasari wa sura kwa kikundi chetu

Ndugu zangu, sura nzima nimeibana humu kabla ya mtihani wa vitendo. Neva ni jozi 12. Mbili za kwanza ni za ubongo wa mbele. Zilizobaki ni za shina la ubongo, ila XI inapanda kutoka ugwe mgongo, shingoni.

| Neva | Kazi | Dalili ikiumia |
|---|---|---|
| I Olfaktori | Kunusa | Harufu hupotea, mara nyingi baada ya kuumia kichwa |
| II Optiki | Kuona | Upofu. Mboni haisinyai jicho hilo likimulikwa, ila husinyaa ukimulika la pili |
| III Okulomota | Misuli mingi ya jicho, kuinua kope, kusinyaza mboni | Kope limeanguka, jicho linatazama chini na nje, mboni imetanuka |
| IV Troklea | Kushusha jicho lililoelekea puani | Kuona viwili akishuka ngazi |
| V Trijemino | Hisia za uso, kutafuna | Ganzi usoni, taya hupinda upande ulioumia |
| VI Abdusensi | Kupeleka jicho nje | Jicho haliendi nje. Shinikizo kichwani likipanda, huweza kuumia hata ugonjwa ukiwa mbali nayo |
| VII Neva ya uso | Misuli ya uso, ladha ya theluthi 2 za mbele za ulimi, machozi, mate | Uso kupooza upande mmoja |
| VIII Vestibulokoklea | Kusikia, mizani | Uziwi, mlio sikioni, kizunguzungu |
| IX Glosofarinji | Hisia za koo, ladha ya nyuma | Koo likiguswa hahisi |
| X Vegasi | Kaakaa, sauti, moyo, tumbo | Sauti ya kukwaruza; kilimi huvutwa upande mzima |
| XI Aksesori | Kuinua bega, kugeuza shingo | Bega limeshuka |
| XII Hipoglosi | Ulimi | Ukitolewa hupinda upande ulioumia |

VII ndiyo inayotuangusha. Wodini tulimkuta mzee mdomo umeenda kombo, wengi tukasema kiharusi. Daktari akamwambia, "Baba, nyanyua nyusi." Nusu ya paji haikukunjamana hata kidogo. Alipofumba macho, la kushoto likabaki wazi, weupe ukaonekana jicho likipanda juu. Paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi cha juu kwa kawaida huliacha salama. Likipooza nalo, shaka yako ya kwanza iwe neva yenyewe, na jicho hilo lilindwe lisikauke.

Kwenye III, tazameni mboni kabla ya yote. Nyuzi zinazoisinyaza zimepita juujuu ya neva, hivyo kitu kikiibana huziwahi hizo. Kisukari aghalabu huziacha. Mboni iliyotanuka pamoja na kope lililoanguka ni dharura, mgonjwa hasubiri kliniki ya wiki ijayo.

Jumanne njooni na tochi, pamba na kahawa ya kupima I. Siki msilete: ukali wake huhisiwa na V, na asiyenusa kabisa atawaambia ameisikia.